Kwenye wasifu wa kazi ya mbali, andika saa zako kabla ya sifa zako

Kijana wa Mtwara anayeomba kazi ya huduma kwa wateja katika kampuni ya New York mara nyingi huanza wasifu wake hivi: "Mimi ni mchapakazi, najisimamia mwenyewe, nina mawasiliano mazuri na naweza kufanya kazi saa zozote." Kwa maoni yangu sentensi hiyo ifutwe yote. Anayeisoma hana namna ya kuipima, na waombaji wengine wameandika hivyo hivyo.

Nianze na saa, maana hapo ndipo sisi waswahili tunajikwaa kwa namna yetu wenyewe. Tanzania iko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa ya UTC, mwaka mzima, hatusogezi saa. New York husogeza Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo tunawatangulia saa saba wakati wao wa kiangazi na saa nane wakati wa baridi. Sasa mtu akiandika "napatikana kuanzia saa 3", amekosea mara mbili. Hajasema ni saa za wapi, halafu amehesabu Kiswahili. Saa tatu yetu ya asubuhi kwa msomaji wa nje ni 09:00, na akiona "3" ataelewa 03:00 au 15:00. Usaili ukipangwa kwa saa hiyo, mmoja ataingia Zoom na kukaa peke yake.

Chini ya jina lako weka hivi:

```
Mtwara, Tanzania (UTC+3)
Kazini: 16:00–22:00 UTC+3
New York: 09:00–15:00 kiangazi, 08:00–14:00 baridi
```

Mistari hii mitatu inamwonyesha mwajiri kwamba umeshapiga hesabu, pamoja na ile saa moja inayohama Novemba. Kama ofisi yao hufunguliwa 09:00, wakati wa baridi itabidi uanze 17:00. Amua mapema kama utaweza, na kama utaweza, liandike. Usiandike "saa 24". Zamu kamili ya New York wakati wa baridi huisha 01:00 kwetu, yaani saa saba usiku, kila siku ya kazi. Ni heri uahidi saa sita utakazozitimiza.

Kujisimamia kunaonekana kwenye kazi uliyokwisha kufanya, hata kama haikuwa ya kompyuta. Chukua karani wa chama cha msingi cha ushirika huko Newala, anayepokea korosho ghalani huku meneja wake akiwa Mtwara mjini. Ile tayari ni kazi ya mbali! Lakini kwenye wasifu utakuta ameandika "Karani wa korosho, kutunza kumbukumbu". Aandike hivi:

"Nilipokea na kupima korosho za wakulima bila msimamizi ghalani. Kila siku kabla ya 18:00 nilijaza uzito kwenye Google Sheets na kumtumia meneja aya moja: kilo zilizoingia, tofauti iliyoonekana kwenye mizani, na jambo linalosubiri uamuzi wake."

Hapo ratiba ipo, chombo cha kazi kipo, na namna ya kuandika kwa mtu asiyekuwepo ipo. Ndiyo maana sipendi ile orodha ya programu kama Slack, Trello, Zoom na Notion iliyopangwa pembeni ya ukurasa. Haionyeshi ulizitumia kufanya nini. Msaili akiuliza "kadi zenu za Trello mlizipangaje?", aliyejaza orodha ananyamaza. Kama ulichotumia ni kundi la WhatsApp, litaje, useme ulivyolipanga: nani alituma nini, na kabla ya saa ngapi.

Uandishi hauelezwi, unaonekana kwenye wasifu wenyewe na kwenye barua pepe inayoubeba. "Habari, nimeambatisha wasifu, naomba msaada wenu" inamlazimisha msomaji akuulize kazi gani na uko wapi. Katika kazi ya mbali swali moja hugharimu siku nzima: likiandikwa New York saa 15:00 za kule wakati wa baridi, kwetu ni 23:00, na wewe ukijibu asubuhi wao wamelala. Kwa hiyo taja nafasi unayoomba kwenye kichwa cha barua, kisha sentensi nne au tano: unaomba nini, kazi gani uliyofanya inayofanana nayo, saa zako, na siku unayoweza kuanza.

Kabla ya kutuma, mpe mtu asiyejua kazi yako asome yote bila wewe kumweleza. Kila atakapouliza "hapa ulimaanisha nini?", rudi uandike upya sentensi hiyo. Kisha hifadhi faili kama PDF kwa jina lako na jina la nafasi, si `wasifu mpya 2.pdf`.