Rido Si Ukuta, Jamani!

Huku Kadutu, mjini Bukavu, nyumba zimepandana mlimani kama abiria wanaogombea gari moja. Saloni ya mita 3 kwa 4 ndiyo karakana ya fundi, ndiyo meza ya bugali, ndiyo kitanda cha mgeni aliyesema analala siku mbili. Basi mtu anatundika rido katikati, anatangaza: huku kazi, huku familia. Haya! Jioni mteja anachukua gauni lake, linanuka samaki sambaza hadi ndani ya pindo.

Rido inazuia macho, ndugu yangu. Moshi hauombi ruhusa, na pamba inanywa mafuta ya kukaangia kuliko mtoto anavyokunywa chai. Kitambaa cha mteja kikae ndani ya sanduku la bati lenye kifuniko, kila mtu na mfuko wake, karatasi ya vipimo humo humo. Ukikiacha juu ya kiti, kitakaliwa. Kiti kimewahi kubaki wazi katika nyumba gani?

Halafu hesabu. Kikwembe cha yadi 6 ni kama mita 5 na nusu. Rido ya kushuka mita 2 inakula mita 2 na sentimita 20, maana juu unakunja pa kupitisha waya, chini unakunja pindo. Ukikata mapande mawili ukayaunga ubavu kwa ubavu, mwanya wa mita 2 umezibwa, na kinabaki kipande cha kufunikia mashini. Lakini rido hiyo haina mikunjo, ni nyepesi, mlango ukifunguliwa inaruka kama tiara. Ukiwa umeitundika karibu na gurudumu, mkanda unaimeza, uzi unakatika, na fundi anaanza kumtukana shetani asiyehusika. Iache mbali nusu mita, pindo la chini likunjwe mara mbili lipate uzito.

Na mashini iwekwe dirishani, rido ipite nyuma ya mgongo wa fundi. Wengine wanafanya kinyume: dirisha linabaki kwa familia, fundi anashona gizani, umeme nao umekwenda matembezi. Mwanga utoke kushoto. Ukitoka kulia, kichwa cha mashini kinaukinga, sindano inabaki kivulini.

Usiku toa mkanda kwenye gurudumu. Pedali kwa mtoto ni baiskeli, na akiizungusha kinyume, uzi unajisokota chini ya sahani. Pini zilizoanguka zikusanywe kwa sumaku ya spika ya redio iliyokufa, iliyofungwa kitambaa ili pini zing'oke kirahisi. Ipitishwe sakafuni kabla rido haijafunguliwa, si baada ya mtoto kulia.

Kitu kimoja tu kinavuka rido kila siku: makasi. Nunulieni nyumba makasi yake ya bei ndogo, yafungwe kamba jikoni. Ya kitambaa yatundikwe msumarini, juu kuliko mkono wa mama mkwe. Kwa maana karatasi inayatoa makali, na... eh! Nani tena amefungulia paketi ya unga kwa makasi ya fundi?