Grafu ya chokoleti haimhusu mtoto wako

Wiki hii mtu alituma skrinishoti katika kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa darasa la binti yangu. Ni grafu ya nukta zenye bendera za nchi, mstari unaopanda kutoka kona ya chini kushoto hadi juu kulia, na maandishi `r=0.791` na `P<0.0001`. Chini yake akaandika: "Wazazi, sayansi imesema. Chokoleti inaongeza akili." Kisha zikafuata bei ya unga wa kakao na nambari ya M-Pesa, na kufikia jioni wazazi kadhaa walikuwa wameshaagiza. Nimekasirika, kwa sababu pesa hizo ni za karo na nauli, na grafu yenyewe haisemi hivyo hata kidogo.

Grafu hiyo ni ya kweli. Ilichapishwa mwaka 2012 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine na daktari wa moyo, Franz Messerli. Mhimili wa chini unaonyesha kilo za chokoleti anazokula mtu mmoja kwa mwaka. Mhimili wa wima unaonyesha idadi ya washindi wa Tuzo ya Nobel kwa kila watu milioni 10. Nchi ni 23, na hakuna hata moja ya Afrika. Uswisi iko juu kabisa kulia, China iko chini kushoto. Herufi r hupima jinsi nukta zinavyoukaribia mstari ulionyooka, na mwisho wake ni 1, kwa hiyo 0.791 ni uhusiano mkubwa. P nayo inasema ni vigumu mpangilio kama huo kutokea kwa bahati tu. Hayo nayakubali. Lakini hakuna kati ya namba hizo mbili inayojua kitu gani kimesababisha kingine.

Tazama tena nukta moja. Ni nchi nzima, si mtu. Grafu haituambii kama hao washindi wa Uswisi waliwahi hata kuonja chokoleti. Huenda iliyoliwa yote ililiwa na majirani zao. Ukichukua wastani wa taifa ukamvisha mtoto mmoja wa mtaa wa Umoja au Kayole, Nairobi, umeruka mahali ambapo grafu haina daraja.

Halafu kuna miaka. Takwimu za chokoleti zilikuwa za kati ya 2002 na 2011, ilhali tuzo zilihesabiwa tangu zilipoanza mwaka 1901. Mtu aliyetuzwa mwaka 1920 hawezi kuwa alisaidiwa na chokoleti iliyoliwa 2010.

Kinachounganisha chokoleti na tuzo, kwa uwezekano mkubwa, ni fedha. Nchi tajiri ina watu wanaoweza kununua chokoleti kila wiki, na nchi hiyohiyo ina vyuo vikuu vya kale, maabara zenye vifaa, na serikali inayomlipa mtafiti miaka ishirini kabla hajapata jibu. Utajiri unasukuma mihimili yote miwili, nayo inapanda pamoja bila kugusana. Mwaka 2013 watafiti wengine walizilinganisha tuzo hizohizo na vitu vingine. Chai na divai, ambazo nazo zina viambato vya aina ile inayosifiwa kwenye kakao, hazikuonyesha uhusiano huo. Idadi ya maduka ya samani ya IKEA ndiyo iliyoonyesha uhusiano mkubwa na Nobel. Nani atamnunulia mtoto kabati ili afaulu hisabati?

Mstari wenyewe unakubali hesabu yoyote utakayoupa. Kwa mujibu wake, gramu 400 zaidi kwa kila mtu kwa mwaka zinaendana na mshindi 1 zaidi kwa kila watu milioni 10. Sensa ya Kenya ya 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6. Basi tule tani 19,000 zaidi kila mwaka, tupate washindi karibu 5. Kuzidisha kumetoka sawasawa, na jibu halina maana yoyote. Profesa Wangari Maathai alipata Nobel ya Amani mwaka 2004 kwa kazi ya miti, demokrasia na amani, kazi iliyomfanya apigwe na kufungwa, wala si kwa chokoleti.

Sisemi uhusiano kama huu ni wa kutupwa. Unaweza kumpa mtafiti swali zuri la kuanzia, na Messerli mwenyewe aliandika kwamba haujathibitisha sababu. Anayetaka kutuuzia kakao kwa jina la akili atuonyeshe kitu kingine: watoto wengi waliogawanywa kwa kura katika makundi mawili, kundi moja likapewa kinywaji chenye kakao na jingine kinywaji kinachofanana nacho kisicho na kakao, kwa miezi kadhaa, kisha wote wakafanya mtihani uleule na msahihishaji asijue nani alikunywa nini. Kura ndiyo inayofanya watoto wa matajiri na wa maskini wachanganyike katika makundi yote mawili. Nilimwandikia muuzaji hivyo kikundini: "Mama, tuletee jaribio la namna hiyo nami nitaagiza." Bado nasubiri jibu, na wenzangu walioagiza nimewashauri waombe pesa zao zirudishwe kabla mzigo haujatumwa.