Nikon na vidole vitatu: kosa lilikuwa wapi?

Kabla ya Kwaresima ya 1653, Patriaki Nikon wa Moscow, mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, alitoa waraka bila kuitisha mtaguso: ishara ya msalaba ifanywe kwa vidole vitatu, si viwili tena. Ukiitazama mikono yenyewe, utashangaa. Katika desturi ya zamani, kidole cha shahada na cha kati vilinyooshwa kutangaza hali mbili za Kristo, ya Mungu na ya mtu, na vitatu vilivyobaki vikaunganishwa kwa ajili ya Utatu. Nikon aligeuza tu: vitatu vya mbele vikawa Utatu, viwili vya nyuma vikakunjwa. Imani ni ileile, haikupungua wala kuongezeka.

Nikon hakukosa sababu. Vitabu vya ibada vilikuwa vimenakiliwa kwa mkono karne nyingi na vilitofautiana, tena mwaka 1654 Waukraine, waliofuata desturi za Kigiriki, waliingia chini ya Tsari, mfalme wa Urusi. Mtaguso wa mwaka huo ulikubali vitabu visahihishwe kwa kufuata nakala kongwe za Kigiriki na Kislavoni. Mtawa Arseni Sukhanov alileta mamia ya miswada kutoka monasteri za Mlima Athos. Hata hivyo, kitabu kipya cha liturujia cha 1655 kilitegemea sana kitabu cha Kigiriki kilichochapwa Venisi mwaka 1602. Kilichoitwa cha kale kilikuwa na umri wa miaka hamsini tu na ushee.

Hapo kasisi Avvakum na wenzake waliopinga mageuzi hayo walikuwa na haki ya kuhoji. Mtaguso wa Moscow wa 1551 ulikuwa umewalaani wasiotumia vidole viwili, na wanahistoria wa karne ya 19 walikuja kuonyesha kwamba Wagiriki wenyewe waliwahi kutumia vidole viwili. Ni wao waliobadilika. Lakini madai kwamba vitabu vya Urusi havikuwahi kuguswa hayakuwa kweli, kwani wapiga chapa wa Moscow walikuwa wakivirekebisha hata kabla ya Nikon.

Kwa maoni yangu, hayo yote yangeweza kuzungumzwa. Barua ya Patriaki wa Konstantinopoli iliyomfikia Nikon mwaka 1655 ilisema kwamba tofauti ndogo za desturi hazivunji umoja wa imani. Nikon hakusikia, mwaka 1656 vidole viwili vikalaaniwa. Mtaguso wa 1666 hadi 1667 ulimvua Nikon cheo kwa ugomvi wake na Tsari, lakini ukabakisha mageuzi yake na kuwalaani wakaidi. Kuanzia hapo dola ikashika kazi, na mwaka 1682 Avvakum alichomwa moto Pustozersk.

Kanisa la Urusi liliziondoa laana hizo mwaka 1971. Kufikia wakati huo, baadhi ya Waumini wa Kale, yaani walioshikilia desturi ya zamani, walikuwa wameishi vizazi na vizazi bila kasisi hata mmoja, kwa sababu hakuna askofu aliyebaki upande wao wa kuwawekea mikono makasisi wapya.