Neema ya siku saba, halafu kijivu

Jamani nisikilizeni kabla sijaitupa hii simu mtaroni. Mi nalipia apu ya muziki kila mwezi, elfu kumi na kitu, inajikata yenyewe kwenye ile kadi ya mtandaoni ya pesa ya simu. Ijumaa tarehe 3 wakaja kukata wakakuta elfu tisa na mia nane, maana asubuhi nilipita kwa mama mihogo, si mnajua mambo ya chachandu. Yaani nimepungukiwa vijisenti tu, dukani kwa Mangi ningeambiwa utaleta kesho.

Kumbe na wao wana kesho yao, tena ya siku saba, wanaiita kipindi cha neema. Ubaya wa neema hii haiumi. Muziki unapiga vilevile, unachagua unachotaka, kuna kimstari tu juu kinakwambia rekebisha malipo, mi nakifuta kama nafukuza inzi. Huku nyuma wao wanajaribu kukata tena na tena, na kila wakija kadi tupu, maana hela yangu ikiingia saa nne saa tano ishapata mwenyewe.

Ijumaa tarehe 10 neema ikaisha. Jumamosi tarehe 11 sendofu ya mdogo wake mke wangu, na muziki nani kajitolea? Mi hapa. Wala sikuwa na presha, nyimbo 412 nilishazidaunlodi kwa bando la usiku, GB 6 nzima zimekaa ndani ya simu, nikasema hata wakifunga shauri yao, mzigo ninao.

MC akaita mama mzazi aingie. Nafungua plelisti nimeipa jina kabisa, MAMA ANAINGIA, nyimbo zote zipo, kwa mpangilio wangu uleule, ila zimekuwa kijivu kama uji wa juzi. Nabonyeza, naambiwa lipia kwanza. Naweka eapleni modi, bado kijivu. Akaunti ishashushwa kwenye ile ya bure, na ya bure huchagui, inachanganya yenyewe na kuchomekea za kwake. Nikarudisha data nikabonyeza hivyohivyo, likaanza tangazo la sabuni ya unga, mama wa watu kashanyanyua mguu na kitenge chake anasubiri biti, likafuata kwaya ya maombolezo, maana wiki iliyopita nilikuwa msibani Tanga, si ndo ikajua napenda. Shangazi mmoja akaanza kulia kweli.

Mtoto wa dada yangu anatengeneza simu Kariakoo, akanivuta pembeni. "Anko, hizi hukununua, umekodi. Faili unalo lakini lina kufuli, ufunguo wanao wao." Akanifungulia folda, kweli, mafaili yapo na uzito wake, majina herufi za ajabuajabu, ukijaribu kwenye pleya nyingine halifunguki hata moja. Anasema apu ikipata intaneti inaenda kuuliza kwao huyu kalipa? Wakisema hajalipa, ufunguo unafutwa hapohapo, ndo maana eapleni modi yangu haikusaidia, ilishauliza toka asubuhi nikiwa naangalia status za watu. Ningezima data toka Alhamisi pengine ningepona, apu nyingi zinakuacha hadi siku 30 bila mtandao kabla hazijataka kuuliza tena. Siku 30! Na mi nilikuwa nahitaji masaa manne.

Baadaye usiku nikamuuliza na plelisti zangu je, miaka mitatu nazipanga. Akasema hizo zimekaa kwao, ni orodha ya majina tu, ukilipa zinarudi na rangi yake, na mafaili nayo yakipata ufunguo yanaweza kufunguka bila kudaunlodi upya, we usiguse kitu. Sasa ananiambia usiguse saa tatu usiku, mi saa mbili kwa hasira nilishaifuta apu nikaiweka tena. Ukiifuta inaondoka na mafaili yake yote.

Jumatatu tarehe 13 nikalipa. Plelisti zikarudi kama alivyosema, hata jina nililokosea spelingi lipo. Ila tarehe imehama! Ningelipa ndani ya zile siku saba ningebaki na tarehe 3 yangu, lakini kwa vile nilishafungiwa, mwezi umeanza kuhesabiwa siku niliyolipa. Kwa hiyo sasa wanakata tarehe 13, na tarehe 13 mi huwa hata ya vocha sina, mshahara ushakuwa hadithi.

Sa hivi saa saba usiku nadaunlodi upya, imefika wimbo wa 61 kati ya 412, bando limebaki MB 90. Mke wangu kageuka kitandani ananiuliza, "Baba Neema, ile mihogo ilikuwa na nyama?"