Mstari wa mwisho ndio unaochagua mkaguzi

Kwenye monorepo, PR moja kugusa pakeji tatu ni jambo la kila siku. Wapo wanaodai kila PR ikatwe vipande, pakeji moja kwa PR moja. Sikubaliani nao. Ukibadilisha jina la kigezo kwenye pakeji ya pamoja bila kuwarekebisha wanaokitumia katika PR hiyohiyo, tawi kuu litavunjika hadi kipande cha pili kiingie. Mabadiliko yanayokwenda pamoja yabaki pamoja. Kinachotakiwa kugawanywa ni ukaguzi, na kwa GitHub kazi hiyo hufanywa na faili la CODEOWNERS, ambalo naona wengi wanaliandika bila kujua linavyosomwa.

Chukua mfano huu:

```
*                    @kampuni/jukwaa
/packages/malipo/    @kampuni/malipo
/packages/ui/        @kampuni/ui
/pnpm-lock.yaml
*.ts                 @kampuni/ui
```

Inakuja PR yenye faili tatu: `packages/ui/src/Kitufe.tsx`, `packages/malipo/src/ada.ts` na `pnpm-lock.yaml`. Ukisoma haraka utasema timu ya ui na timu ya malipo zote zitaitwa. Hapana, inaitwa ui peke yake. GitHub haijumlishi mistari inayolingana na faili, wala haiangalii upi umelenga zaidi. Inachukua ule wa mwisho kulingana, basi. Faili la `ada.ts` linalingana na mstari wa kwanza, wa pili na wa tano, kwa hiyo wa tano ndio unaotawala. Mtu mmoja wa ui akiidhinisha, hesabu ya ada inaingia bila jicho la watu wa malipo, hata kama umewasha sharti la kwamba wenye msimbo lazima waidhinishe. Na hakuna onyo lolote, kwa sababu kwa kanuni zako mwenyewe kila kitu kiko sawa.

Dalili utaiona kwenye orodha ya faili zilizobadilika: pembeni ya jina la kila faili lenye mwenyewe kuna alama ya ngao, na ukiweka kishale juu yake inakutajia mwenye faili. Fungua PR moja ya zamani iliyogusa pakeji nyingi, uzipitie ngao hizo. Mimi huamini ngao kuliko faili lenyewe.

Dawa ya mfano wetu ni kuufuta mstari wa `*.ts`, au kuupandisha juu ya mistari ya folda. Msimamo wangu ni kuufuta. Umiliki ufuate folda. Aina ya faili haina mwenyewe. Mstari wa nne usio na jina mbele yake si kosa la uchapaji, unalitoa faili la kufungia matoleo mikononi mwa jukwaa. Bila huo, timu hiyo ingeitwa kwenye karibu kila PR inayoongeza maktaba, na mtu anayeitwa kwa kila kitu huishia kubofya tu.

Mtego wa pili ni kuweka timu mbili kwenye mstari mmoja ukidhani zote zitalazimika kuidhinisha. GitHub inatosheka na idhini ya mmoja wao. GitLab ina vichwa vya sehemu ndani ya faili hilo, na kila sehemu inaweza kudai idhini yake, lakini huko utawala wa mstari wa mwisho unabaki palepale ndani ya sehemu.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba njia ya faili inaonyesha mabadiliko yalipotokea, si yanapouma. Tuseme mtu anabadilisha `packages/pamoja/src/fedha.ts` ili senti zizungushwe kwenda shilingi ya karibu badala ya kwenda juu. Folda ya malipo haijaguswa hata herufi moja, hivyo malipo hawataitwa, ingawa risiti zote zinapita kwao. Hapa mimi huvunja utaratibu wa folda kwa makusudi: nashuka chini ya mstari wa pakeji ya pamoja na kuandika faili hilo moja, mwenyewe akiwa timu ya malipo. Faili la pamoja limilikiwe na atakayeamshwa usiku likiharibika, hata kama aliyeliandika ni mwingine.

Usisahau CODEOWNERS lenyewe liwe na mwenyewe, na mstari wake ukae chini kabisa. GitHub husoma nakala iliyo kwenye tawi linalopokea mabadiliko, kwa hiyo PR inayojaribu kujiondolea mkaguzi bado itampitia yule wa zamani. Lakini ikishaunganishwa, PR zote zinazofuata zitatumia kanuni mpya.