Bango la biriani limwombe mteja jambo moja

Bango la biriani ya Ijumaa linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mombasa huwa na kila kitu: picha ya sufuria, namba ya simu, till ya M-Pesa, ukurasa wa Instagram, ramani ya Mji wa Kale, na chini kabisa "Karibuni nyote". Msomaji hulimaliza akiwa na njaa, ila hajui aanze na lipi. Apige? Alipe? Aje mwenyewe?

Mpishi huyaona matokeo Ijumaa asubuhi. Mmoja amelipa shilingi 1,000 kwenye till bila kusema anataka kuku au nyama, wala apelekewe wapi. Mwingine aliuliza bei Instagram tangu jana, na kujibiwa anajibiwa leo, chakula kimekwisha.

Mimi ningebakisha ombi moja tu: "Tafadhali tuandikie WhatsApp idadi ya sahani, kuku au nyama, na mtaa wako, kabla ya Alhamisi saa 12 jioni." Till haimo; mteja atatumiwa namba yake oda ikishathibitishwa. Kiungo humrahisishia zaidi, maana ujumbe hufunguka ukiwa umeshaanzwa:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Oda%20ya%20biriani%3A
```

Namba ianze na 254, bila sifuri ya mbele wala alama ya kujumlisha. Na muda usiandikwe "usiku wa Ijumaa": kwa wazee wa Pwani huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa vijana wengi ni Ijumaa yenyewe jua likishakuchwa.

Wanaopinga wana hoja. Bibi wa Likoni hana bando, yeye huagiza kwa kupiga; ukimbakishia WhatsApp peke yake umempoteza. Ni kweli, lakini kumwekea namba chini, kwa herufi ndogo, "Huna bando? Piga", hakumwongezei kazi. Bado anaagiza, na anatoa maelezo yale yale. Kinachomvuruga mteja ni kuombwa alipe, afuate ukurasa na afike jikoni kwa pamoja, kwani hizo ni kazi tatu mbalimbali.

Hoja nzito zaidi ni ya mteja wa kila wiki. Huyo ladha anaijua, mtaa wake unajulikana, na kumrudisha kwenye kuandikiana ni kumchosha bure. Hapo nakubali, ila sioni sababu ya kuirudisha till kwenye bango la wote. Wateja hao wawekwe kwenye orodha yao ya matangazo ya WhatsApp, na ujumbe wao uwe mfupi: "Oda ni ile ile? Lipa kwenye till hii." Kasoro ya orodha hiyo ni kwamba humfikia aliyeihifadhi namba ya mpishi tu. Kwa hiyo mteja mpya akishapokea sahani yake ya kwanza, ombi la kumpa siku hiyo ni kuihifadhi namba, basi. Mambo ya Instagram yangoje.