Toi za Desemba: nani hasa anaombwa anunue?

"Nina duka la toi karibu na Barabara ya Digo, hapa Mombasa. Kila Desemba namvisha kijana vazi la katuni namsimamisha mlangoni. Watoto wanaingia wenyewe, wazazi wanafuata nyuma. Mauzo ni mazuri, lakini mume wangu anasema tunawatumia watoto kuwakaba wazazi wao. Mwaka huu nikizungumza na wazazi peke yao, si nitafunga duka?"

Hutafunga, dada, lakini yapo mauzo utakayoyakosa, na ni afadhali tuyataje mapema. Desemba iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya duka moja hapa mjini. Mbele yangu baba mmoja, bado na fulana ya kazini, na mtoto wa kama miaka mitano aliyekumbatia gari la rimoti. Baba anamwambia arudishe, watarudi mwisho wa mwezi. Kijana wa duka akainama akamwambia mtoto, "Muombe baba vizuri, ama hakupendi?" Foleni nzima ikacheka. Yule baba alitoa simu, akakodolea salio, akalipa kwa till. Wakatoka, mtoto anaruka, baba kimya. Gari lile halikuuzwa na ubora wake wala bei yake. Liliuzwa na aibu ya dakika moja mbele za watu, na mauzo ya namna hiyo ndiyo utakayoyakosa.

Mumeo ana hoja, na hoja yenyewe ni ya umri. Mwaka 2004 jopo la Chama cha Saikolojia cha Marekani lilihitimisha kwamba watoto walio chini ya takriban miaka minane hawana uwezo wa kutambua kuwa tangazo limetungwa ili kuwashawishi. Wanalipokea kama habari tu. Ukimwambia mtoto wa miaka mitano kwamba kila mtoto mzuri atapata doli hili Krismasi, kwake hayo si maneno ya biashara. Yeye anaelewa kuwa asipolipata, basi si mtoto mzuri. Mtu mzima husikia sentensi ileile akatabasamu, kwa sababu anajua duka linataka pesa.

Lakini na wewe una hoja, na si ndogo. Toi ni ya mtoto. Mzazi anayenunua bila kumsikiliza mtoto huishia na kitu cha kukusanya vumbi chini ya kitanda. Mtoto kugusa, kujaribu na kusema "hiki nakipenda" si hila, ni namna pekee ya kujua kama kitu kinachezeka. Halafu tuseme ukweli: hata ukifunika dirisha lote kwa mapazia, mtoto aliyeona toi kwa jirani pale Tudor ataiomba tu. Kuomba ni haki yake, na kukataa ni kazi ya mzazi. Wanaotaka duka la toi lijifanye duka la simenti sikubaliani nao.

Mabishano haya yalishawahi kufika mahakamani. Mkoa wa Quebec, kule Kanada, ulipiga marufuku tangu mwaka 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13. Kampuni ya vitu vya kuchezea iitwayo Irwin Toy ikashtaki, ikidai uhuru wake wa kujieleza umevunjwa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali kwamba uhuru huo umebanwa kweli, ila majaji walio wengi wakasema kubanwa huko ni halali kwa sababu ya udhaifu wa mtoto mbele ya ushawishi. Sheria hiyo si yetu. Ninachokipenda ndani yake ni namna inavyopima kama tangazo limemlenga mtoto. Inatazama bidhaa ni ya nani, imetangazwa kwa namna gani, na limeonekana wapi na saa ngapi. Na hata kule dirisha la duka linaruhusiwa, mradi tu lisimchochee mtoto anunue au amsukume mtu mwingine amnunulie.

Hapo ndipo ningechora mstari wako. Mtoto kufurahishwa, sawa. Mtoto kutumwa kwa mzazi wake kama mjumbe wa duka, hapana. Kwa mstari huo hata katuni wako mlangoni anaweza kubaki. Apunge mkono, acheze ngoma, basi. Asishike bidhaa, asimwongoze mtoto hadi kwenye rafu, asiseme neno lolote lenye "mwambie mama". Wala duka lisiwapige watoto picha na kuziweka kwenye ukurasa wake bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka idhini hiyo, na mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kosa hilohilo la picha za watoto. Na kama una shindano la kuchora ambapo mtoto anajaza jina, shule na namba ya simu ya babake, liweke kando pia. Namba ataitoa mzazi mwenyewe, akitaka.

Sasa tuje kwenye tangazo lenyewe, maana hapa ndipo wengi hudhani kuzungumza na mzazi ni kuzungumza kwa ubaridi. Chukua lile gari la rimoti. Bango la kawaida lingeandika: "Mwambie baba! Kasi ya ajabu! Zimebaki chache!" Mimi ningeandika hivi: "Gari la rimoti, shilingi 1,900. Linahitaji betri sita za AA, nne kwenye gari na mbili kwenye rimoti, na hazimo ndani ya boksi. Ukizinunua hapa ni shilingi 360, jumla 2,260. Linakimbia vizuri barazani na sebuleni. Usilipeleke ufuoni, mchanga na chumvi huingia kwenye ekseli likafa. Limetengenezwa kwa miaka sita kwenda juu." Hizo bei ni za mfano, zako weka zako. Cha kutazama ni kwamba bango hili linajibu maswali ambayo mama wa Kisauni angeyauliza akiwa ameshalipa na mtoto analia kwa sababu gari halina betri asubuhi ya Krismasi. Mzazi hushawishika hivyo, na bango lenyewe halimvutii mtoto hata kidogo.

Hiyo alama ya umri nayo inahitaji mtu wa kuieleza dukani. Wazazi wengi wakiona duara lenye uso wa mtoto na "0-3" iliyokatwa kwa mstari, husema, "Wangu ni mwerevu, ataiweza." Alama hiyo haipimi werevu. Inasema kuna vipande vidogo ambavyo mtoto wa chini ya miaka mitatu anaweza kukabwa navyo. Mwenye duka anayemwambia mama, "Hii usichukue, una wa miaka miwili nyumbani, chukua ile," amepoteza mauzo ya shilingi 800 mchana huo. Nimeona wanawake wakirudi na mashoga zao kwa sababu ya sentensi kama hiyo.

Kuna hila moja ya zamani katika biashara hii ambayo ningekuomba uichunge hata kama hujaikusudia. Duka linatangaza toi moja kwa nguvu mwezi wote wa Novemba, watoto wanaahidiwa, kisha zinaagizwa chache. Ikiisha, wazazi wananunua kitu kingine cha kuziba pengo. Januari ile toi "inarudi", na mzazi aliyetoa ahadi anajikuta ananunua mara ya pili. Kwetu Januari ni karo, sare na vitabu, kwa hiyo pigo linaingia mahali pabaya zaidi. Na unaweza kuifanya bila nia mbaya: unatangaza mzigo ambao bado uko kwenye kontena bandarini Kilindini. Kwa hiyo usibandike bango kabla mzigo haujafika stoo ukahesabiwa. Ukiwa na magari 40, andika 40, na yakibaki manane ondoa bango. Uhaba wa kweli unaruhusiwa kutajwa.

Wakati nao una maana yake. Kama unatuma picha kwa WhatsApp kwa wazazi waliokupa namba, tuma saa tatu usiku, watoto wakiwa wamelala, wala si saa nane mchana wa likizo ambapo simu iko mikononi mwa mtoto. Na anza mapema. Mwezi wa kumi fungua daftari la kulipa kidogo kidogo: mzazi anachagua, anaweka shilingi 500, toi inawekwa jina na kufichwa stoo, malipo ya mwisho tarehe 15 Desemba. Akishindwa, arudishiwe pesa zake zote. Daftari hilo pia litakuonyesha kampeni inakwendaje. Wakianza kughairi wengi, jua uliwasukuma kuliko uwezo wao.

Hapa niongeze neno ambalo huenda mumeo hakulifikiria. Kumlenga mzazi si lazima kuwe safi. "Mpe mwanao Krismasi anayostahili" ni maneno ya mtu mzima kwa mtu mzima, lakini yamemshika mtoto kama ndoano. Mama aliyeshinda kibandani Kongowea tangu alfajiri hahitaji duka limwambie kuwa asiponunua hampendi mwanawe. Kwangu hayo ni ndugu wa maneno ya yule kijana wa duka kwenye foleni, tofauti yake ni kwamba yamepigwa chapa vizuri.

Mpango wote huu, hata hivyo, unaniponyoka siku ya Idi. Krismasi pesa ziko kwa mzazi. Idi watoto wenyewe wana pesa, mkono wa Idi kutoka kwa babu, shangazi na majirani, na jioni wamejaa uwanja wa Makadara na noti zao mfukoni. Ukitandika meza pale, mteja wako ana miaka saba na hakuna mzazi wa kumshawishi. Utafanyaje? Ningemuuzia. Kununua tiara kwa pesa yake mwenyewe ni nusu ya raha ya sikukuu. Ila bei iandikwe kwa namba kubwa na isipande saa za magharibi, chenji ihesabiwe kwa sauti mkononi mwake, na kitu kifunguliwe kijaribiwe kabla hajakilipia. Vile vipakiti vilivyofungwa ambavyo mtoto hajui ndani mna nini mpaka avipasue, ambavyo najua vina faida nzuri kuliko vyote mezani, viache dukani siku hiyo. Mtoto akipata asichokitaka atanunua cha pili, na cha tatu, na kabla ya adhana ya magharibi noti zake zote zitakuwa kwako.